Kifunga Moto

Shemeji yangu hapigi hodi kama watu wengine. Akifika mlangoni kwangu anagonga sufuria kwa kijiti, ngwaa, ngwaa, anasubiri sauti iishe, ndipo anasema, "Umeisikia hiyo, mke wangu? Hata ikiwa tupu inaita watu kula." Ananiita mke wake kwa kuwa niliolewa na marehemu kaka yake, na utani wa mashemeji haulipiwi kodi. Nami humjibu kwamba ningemkubali angekuwa ameshaniyeyusha zamani, akanimimina kwenye mchanga.

Asubuhi ile alikuja na sufuria ndogo nzito, bado ina chembe za mchanga pembeni, akaiweka mezani kwangu kwa mikono miwili kama mtu anayeleta mahari.

"Kifunga moto," akasema. "Zile kubwa sita zimekwisha. Hii yako."

Kazi yake ni kumimina sufuria kando ya barabara kuu, mkabala na kituo cha mafuta. Ana lundo la vyuma chakavu vya alumini: rimu za magari, fremu za madirisha, pistoni, sufuria zilizotoboka, na vitu vingine ambavyo hata yeye hajui majina yake. Anavitia kwenye chungu kinene cha chuma juu ya makaa, anapuliza kwa feni, vinalainika, vinang'aa, vinakuwa maji. Kabla ya hapo ameshakandamiza sufuria ya mfano kwenye masanduku mawili ya mchanga na kuitoa taratibu, ikabaki nafasi yenye umbo la sufuria. Anateka yale maji kwa kata yenye mpini mrefu, anamimina. Baada ya muda anavunja mchanga, na sufuria inatoka humo kama kifaranga.

Sasa, kila moto una mabaki. Chini ya chungu hubaki kidogo, na hicho kidogo shemeji hakiuzi. Anakimimina sufuria ndogo ya mwisho, ndiyo kifunga moto, na lazima apewe mtu wa nyumbani. Ukiuza ya mwisho, wanasema mafundi, moto wa kesho unakununia. Kwa hiyo ukoo wetu mzima unapikia vifunga moto. Mimi nilikuwa nazo tisa. Mama mkwe wa shemeji, tunayemwita Bi Mkubwa, alikuwa nazo kumi na moja, na hizo mbili alizonizidi zilikuwa zikinitia majaribuni kila nilipokwenda kumsalimia.

Zile kubwa sita zilikuwa za shule. Mimi ndiye mpishi wa shule ya msingi ya mtaani kwetu, na sufuria zetu za zamani zilikuwa zimezibwa mpaka viraka vikawa vingi kuliko sufuria. Mwalimu Mkuu alitaka kwenda kununua za dukani mjini. Nikamwambia asijisumbue, shemeji yangu atamimina. Akaniangalia juu ya miwani.

"Bibi, ni neno lako?"

"Neno langu."

"Basi sawa. Ila kabla mtoto hajala humo, kuna binti niliyemfundisha hapa hapa, sasa yuko maabara ya chuo. Atakuja kuzipima. Zikifaulu tunachukua zote sita. Zikifeli naenda mjini, na nawe usininunie."

Kupima sufuria. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilidhani atapima kama zinaenea kwenye jiko.

*

Binti wa Maabara alikuja Jumatatu na begi gumu lenye kufuli mbili. Akatusalimu shikamoo mmoja mmoja, tukaitikia marahaba, akafungua begi na kutoa kitu kama kikaushia nywele. Shemeji akainua mikono juu.

"Chukua vyote, mwanangu. Ila sufuria niachie."

"Shusha mikono, babu," akasema binti, ingawa naye alikuwa anabana cheko. "Hii inapiga mionzi kwenye chuma, chuma kinajibu kimeundwa na nini. Ila msisimame mbele yake."

Tukajipanga nyuma yake kama watu wa picha. Mimi, shemeji, Mwalimu Mkuu. Sufuria sita zilikuwa zimelazwa uwanjani, na shemeji, ambaye ni mtu wa mpangilio, alikuwa ameziandika kwa chaki: moto wa kwanza, ya kwanza na ya pili, moto wa pili, ya kwanza na ya pili, hivyo hivyo mpaka moto wa tatu. Chungu chake kinatosha sufuria kubwa mbili kwa moto mmoja, na kifunga moto chao.

Binti akaegemeza ile mashine kwenye sufuria ya kwanza. Ikalia kidogo. Akaandika.

"Risasi, mia moja na thelathini."

"Risasi?" shemeji akashtuka. "Mimi simimini bunduki."

"Si ya bunduki, babu. Ni madini. Chuma laini, kizito, cha kijivu. Katika sehemu milioni za sufuria hii, mia moja na thelathini ni risasi. Sisi maabara ikivuka mia tu tunaiweka kando."

Ya pili: mia tatu na hamsini. Ya tatu: mia moja na kumi. Ya nne: mia tatu na themanini. Mwalimu Mkuu akavua miwani akaifuta, na nikajua kichwani mwake ameshapanda gari la kwenda mjini. Neno langu lilikuwa linayeyuka mbele ya macho yangu bila makaa.

"Mashine yako imetoka kiwandani," shemeji akasema. "Kiwanda na mimi ni washindani. Itaninenea mema vipi?"

"Ngoja," nikasema. "Mwanangu, usihukumu kwa hizi tu. Nakuletea sufuria ya huyu huyu bwana uone kazi yake inapotulia."

Nikakimbia nyumbani. Umri wangu hauniruhusu kukimbia, lakini siku hiyo sikuuomba ruhusa. Nikachukua kifunga moto kilichonenepa kuliko vyote, kile ninachokisugua ndani kwa waya wa kusugulia kila siku mpaka ukiinama unajiona na meno. Nikarudi nimekibeba kichwani, nikakiweka chini mbele ya binti, nikasimama mikono kiunoni.

Mashine ikalia. Binti akatazama. Akaiweka tena mahali pengine, ikalia. Akaigeuza sufuria akapima kitako.

"Bibi," akasema polepole, "wewe unapikia nini humu?"

"Mchuzi wa nyanya. Uji wa ndimu wa wajukuu. Kila kitu. Kwani umepata ngapi?"

"Elfu tatu na mia moja."

Kisha shemeji akanong'ona, kwa sauti ya mtu anayetafuta heri msibani, "Angalau umemshinda Bi Mkubwa."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka machozi yakanitoka, na Mwalimu Mkuu akacheka, na binti akageuka pembeni mabega yakimtikisika. Halafu binti akarudi, akachuchumaa mbele yangu, na cheko likakatika lenyewe.

"Risasi haina harufu wala ladha," akasema. "Haikuumizi leo. Inaingia kidogo kidogo, na kwa mtoto inakwenda kwenye ubongo unaojengwa, anakuwa mzito wa kujifunza, na hakuna kipimo unachoweza kusema hiki hakimdhuru. Na ndimu na nyanya, bibi, ndizo zinazoitoa kwenye sufuria. Uchachu unakila chuma. Ukikaa muda mrefu, au chakula kikilala humo, ndivyo risasi inavyotoka zaidi."

"Na ninavyoisugua ing'ae?"

"Alumini ikitumika inajivika ngozi ya kijivu iliyofifia. Hiyo ngozi ni kinga, ingawa si kinga kamili. Wewe kila asubuhi unaichuna."

Miaka yote nilikuwa najisifia kuchuna ngozi. Majirani waliofifisha sufuria zao niliwaita wavivu, tena mbele ya waume zao.

"Moto wangu ni mkali," shemeji akasema. Sasa hakuwa anatania. "Moto unaua kila kitu."

"Moto unaua vijidudu, babu. Risasi si kijidudu. Ukiiyeyusha mara mia inabaki risasi."

Mwalimu Mkuu akavaa miwani yake. "Shule inafunguliwa Jumatatu baada ya wiki mbili," akasema. "Nitasubiri mpaka Ijumaa ya kabla yake. Hapo ndipo mwisho wangu."

*

Nililala nikiwaza zile namba. Nilizipanga kichwani kama maharage kwenye ungo. Asubuhi nikaenda barabarani nikamkuta shemeji amekaa juu ya rimu, hajawasha moto, anautazama mtambo wake kama mtu aliyeambiwa mkewe ana jina jingine.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Sina hamu."

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Watoto watatu tumbo moja. Wa kwanza ana deni dogo, wa pili deni kubwa, kitinda mimba ndiye mdaiwa sugu."

Akafikiri. Akakuna kidevu, akabaki na masizi. "Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Mkubwa. Chukua na foleni zake zote."

"Nimeukataa, una kelele. Sikiliza wewe mume usiye na posa. Ukipika maharage yasiyochaguliwa, kokoto linaangukia sahani ya nani?"

"Ya anayepakuliwa mwisho."

"Kwa nini?"

"Kokoto ni zito, liko chi..." Akaangalia chungu chake. Akaangalia kata. "Iko chini."

"Ya kwanza unateka juu, ya pili unateka katikati, na kifunga moto unakwangua chini kabisa. Kuna kitu kizito kinazama humo, shemeji, na sehemu yake inachanganyika na yote, na kinachobaki unawapa ndugu zako kwa upendo."

Binti wa Maabara alipofika alikuta tumeshamwaga lundo lote, tumekaa katikati yake kama kuku wawili. Nikamwambia kitendawili na jibu lake. Akanitazama vizuri.

"Bibi, umesoma wapi?"

"Nilikoishia hapakuwa mbali na hapa. Pima takataka hizi."

Akapima. Fremu za madirisha: chuma chenyewe kisafi, ila moja yenye rangi ya zamani ya manjano ikaleta kelele, namba ya risasi ikapanda. Akaiweka kando. Pistoni: kidogo. Sufuria za kiwandani zilizotoboka: safi. Kipande kutoka kwenye kifaa cha umeme chenye lehemu: kelele, kando. Rimu: safi. Rimu ya pili: safi. Shemeji akaanza kurudiwa na rangi usoni.

"Si nilikwambia? Rimu ndiyo nguzo yangu. Rimu tupu, nusu ya chungu ni rimu."

"Kabla ya kuitia unaifanyia nini?" binti akauliza.

"Naivunja kwa nyundo ya kilo saba. Basi."

"Na hivi je?" Akaonyesha kwenye ukingo wa rimu. Palikuwa na vijichuma vidogo vya kijivu, kama vidole vya mtoto, vimebanwa kwa kibanio pembeni. Ni vile ambavyo watu wa matairi huvibandika ili gurudumu lisiyumbe barabarani.

"Hivyo ni vitoto vya rimu," shemeji akasema. "Vinakuja nayo. Mimi siwezi kutenganisha mtoto na mama yake. Vyote ndani."

Binti akaegemeza mashine kwenye kijichuma kimoja. Ililia kidogo tu, lakini uso wake ulisema mapema.

"Babu, hiki ni risasi karibu kitupu."

Shemeji akakichukua akakiweka kiganjani. Akakikwaruza kwa ukucha, kikakwaruzika kama sabuni kavu, kikang'aa ndani. Akakipa uzito mkononi, mara moja, mara mbili. Mtu amefanya kazi ya chuma miaka arobaini, mkono wake unajua. Nilimwona akijua.

"Nimekuwa nikiwaweka ndani na mama zao," akasema, "miaka yote hii. Kwa huruma."

"Kumbe si watoto wao," nikasema. "Ni watoto wa kupachikwa."

Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake, akacheka akapiga goti, akacheka mpaka wa kituo cha mafuta wakageuka. Kisha akasimama ghafla.

"Vifunga moto," akasema. "Vyote nitavikusanya. Leo."

"Ukaviyeyushe tena?"

"Ee."

"Babu," akasema binti.

"Najua, najua. Risasi inabaki risasi. Basi nitavifanya miguu ya mabenchi na vitako vya nguzo. Kitu kisichokaa jikoni."

"Na uvae kitambaa cha pua unapoyeyusha. Na watoto wasicheze kwenye lundo hili."

"Kitambaa nitavaa. Lakini kuna kifunga moto kimoja ambacho siwezi kukiomba." Akanitazama kwa macho ya ndama. "Kumi na moja, kwa kweli."

*

Shemeji hawezi kuongea na Bi Mkubwa. Si kwamba hapendwi, anapendwa mno. Lakini yule ni mama mkwe, na mbele yake shemeji anaangalia sakafu, anaongea na sakafu, na akiaga anaiaga sakafu. Sasa mtu wa namna hiyo atamwambiaje mama wa mkewe kwamba zawadi alizompelekea kwa heshima miaka ishirini zina sumu?

"Wewe utasema," akaniambia njiani. "Mimi nitatikisa kichwa."

Tulikuwa tumebeba sufuria mbili mpya za enameli kama fidia. Bi Mkubwa alikuwa amekaa jikoni kwake kwenye kiti kifupi, kanga yake imemfunika mpaka chini, vitukuu watatu wanakula uji pembeni. Uji wa ndimu, niliunusa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Mkwe hajambo?"

"Hajambo," shemeji akaiambia sakafu.

Nikasema yote. Kokoto na maharage, vitoto vya kupachikwa, elfu tatu na mia moja. Bi Mkubwa akasikiliza akikoroga chai yake, shemeji akitikisa kichwa kama mjusi.

"Nina miaka themanini na ushee," akasema mwishowe. "Hiyo sumu inanisubiri nini?"

"Wewe umeshajengeka, mama. Nyumba yako ina paa, ingawa nawe si salama. Wanaojengwa ni hawa." Nikaonyesha vitukuu kwa kidevu. "Wajukuu wangu niliwapikia humo humo. Kesho nawapeleka hospitali kubwa wapimwe damu, na hawa nataka niende nao."

Akawatazama. Mkubwa alikuwa akilamba kijiko. Bi Mkubwa akanyoosha mkono akamnyang'anya bakuli, kimya kimya, kisha akawanyang'anya wengine wawili, akaumwaga uji wote kwenye ndoo.

"Mkwe," akasema.

"Naam, mama."

"Ulikuwa unajua?"

Shemeji akainua uso. Katika miaka yangu yote sijawahi kuona jambo lile. Akamtazama mama mkwe wake machoni.

"Sikujua, mama. Nilikuwa nakupa kilicho bora nilichokuwa nacho."

"Basi chukua," akasema Bi Mkubwa. "Na usirudi kutazama sakafu yangu, sina dhahabu nimefukia huko."

Tukazihesabu sufuria rafuni na chini ya meza. Kumi. Tukazihesabu tena. Kumi.

"Ni kumi na moja," nikasema, maana mimi ndiye niliyekuwa nikizihesabu kwa wivu miaka yote.

"Umehesabu vibaya. Wewe hesabu ulianza lini?"

Kitukuu wa kike, yule mdogo, akasema, "Bibi, mbona kiti chako leo kina masikio?"

Tukaangalia. Chini ya kanga, kila upande, palichungulia sikio la alumini. Bi Mkubwa alikuwa ameketi juu ya kifunga moto, amekigeuza kichwa chini, na ameketi juu yake tangu tulipobisha hodi. Alitusikia njiani, kumbe, akajua tumekuja kudai kitu, hakujua nini, akaficha kile anachokipenda zaidi.

"Hiki cha harusi ya binti yangu," akasema bila aibu yoyote. "Sipikii. Nakalia tu."

Shemeji akaangua cheko mbele ya mama mkwe wake, jambo la pili ambalo sijawahi kuliona, na siku moja. "Kalia, mama," akasema. "Kukalia ruksa."

Damu za watoto zilipimwa. Wawili, mmoja wangu na mmoja wa Bi Mkubwa, damu zao zilikuwa na risasi kuliko inavyotakiwa. Daktari akasema dawa ya kwanza ni hiyo tuliyokwisha kuitumia, kuondoa sufuria, kisha wale vyakula vyenye madini ya chuma na maziwa, warudi baada ya miezi mitatu tuone kama inashuka. Niliitikia kila neno. Usiku ule sikutega kitendawili chochote.

*

Shemeji akaanza upya. Akavunja rimu mpya, safari hii kwanza anang'oa kila kijichuma kwa koleo, anakwaruza gundi ya vile vya kubandika, anaipitisha rimu chini ya macho yake mara tatu kama anachagua mchumba. Fremu zenye rangi akazitupa kando. Sufuria za kiwandani zilizotoboka akazipokea kwa mikono miwili. Binti alikuwa amemwambia pia aache chungu chake cha zamani cha kuyeyushia, maana kina mabaki ya miaka kwenye kuta, akatafute kingine. Shemeji akasema sawa.

Mioto mitatu. Sufuria kubwa sita. Jumanne ya wiki iliyofuata binti akaja, mashine ikalia, na nne kati ya hizo zikasoma risasi chini ya kile mashine inachoweza kuona. Mbili zilizobaki, zote za moto wa kwanza, moja ilisoma tisini, nyingine mia moja na arobaini.

"Mashine inasema kilichomo tu," binti akasema. "Kinachotoka tutakijua kwa kuchemsha."

Tukachemsha jikoni shuleni, maji yenye siki, saa mbili kamili kila sufuria, mpaka madirisha yakalia na Mwalimu Mkuu akafanya kazi zake chini ya mti wa uwanjani. Binti akajaza chupa sita, akaziandika, akaondoka nazo. Shemeji akaenda naye mpaka getini akimwelekeza asizitikise.

Ijumaa akarudi na karatasi. Tulikuwa wote jikoni. Mwalimu Mkuu alikuwa na funguo za gari mkononi, na alikuwa akizizungusha kidoleni.

"Nne hazikutoa risasi ambayo maabara inaweza kuipima," binti akasoma. "Zimetoa alumini kiasi, kama alumini yoyote kwenye uchachu. Kwa hiyo maharage, wali, chai, sawa. Nyanya nyingi na ndimu, pikeni kwenye enameli au chuma kisichoshika kutu, na chakula kisilale humo. Mbili za moto wa kwanza zimetoa risasi. Si kama zile za mwanzo. Lakini imetoka."

"Kwa nini hizo mbili tu?" Mwalimu Mkuu akauliza. "Si chuma kilekile?"

Nikamtazama shemeji. Alikuwa anatazama sakafu, na Bi Mkubwa hakuwapo.

"Moto wa kwanza," akasema, "nilitumia chungu cha zamani. Nilijua. Nilisema mara moja tu ya mwisho, kisha nikaona aibu, wa pili na wa tatu nikatumia kipya." Akanigeukia. "Kile chungu ni cha kaka. Alikitengeneza mwenyewe tukiwa vijana, kwa kitako cha mtungi mnene. Mkono wangu umekizoea."

Sikuwa najua. Nimekaa na mume wangu miaka thelathini na minne hakuniambia. Nilitaka kukasirika, na nikatafuta hasira kila mahali kama mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani, nikakuta ninatabasamu.

"Kaka yako," nikasema, "alikuwa anatupa shati likikatika kifungo kimoja. Angekucheka mpaka ulie."

"Najua."

"Lete nyundo."

Akaleta nyundo ya kilo saba. Zile sufuria mbili tukazitoa nje hadi uwanjani. Mwalimu Mkuu akajitolea kushika, shemeji akamsogeza, akasema kazi yake ataibomoa mwenyewe. Akaipiga ya kwanza, ikalia kilio kirefu kizuri, kile anachokipenda, na ikapasuka. Ya pili haikutaka. Aliipiga mara nne, akachoka, akanipa mimi, nikaipiga mara moja ikapasuka, na mpaka leo anasema aliilainisha yeye.

"Nne nachukua leo," Mwalimu Mkuu akasema, na akatia funguo mfukoni. "Mbili utaniletea lini?"

"Jumapili."

"Chungu kipya?"

"Kipya. Na huyu mke wangu akae pembeni anilinde."

Nikakaa pembeni Jumamosi na Jumapili, nimejifunga kitambaa puani kama jambazi wa benki, ninapokea kila rimu na koleo mkononi. Kile chungu cha marehemu tulikisogeza chini ya ukuta, mbali na moto, na kila kijichuma nilichong'oa nikakitupia humo, tong, kikaangukia vyenzake. Kufikia jioni kilikuwa kimejaa nusu, na hakuna mtu angeweza kukiinua.

"Unaona?" shemeji akasema, akimimina ya mwisho. "Hata kaka mwenyewe hangekiiba."

"Angalia kata yako," nikamwambia, "unamwaga."